Kwa nini PostgreSQL hubadili njia ya kuunganisha majedwali?

"Swali langu la SQL nimebadilisha neno moja tu kwenye WHERE, mbona EXPLAIN imeacha Nested Loop na kuleta Hash Join?"

Kipangaji, yaani sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia hiyo, hakisomi data yako kwanza. Hukisia ni mistari mingapi itapatikana, kisha hupiga hesabu ya gharama.

Tuseme jedwali la wateja lina mistari milioni 1 na la oda milioni 10, zimejaa kurasa 100,000 za diski, kila mteja akiwa na oda 10 zilizotawanyika. Nested Loop humchukua mteja mmoja mmoja na kwenda kutafuta oda zake kupitia faharasa. WHERE ikibakiza wateja 2,000, hizo ni kurasa 20,000 za kurukiaruka, na kwa kawaida PostgreSQL huhesabu ukurasa wa kurukia kuwa 4 na wa kusoma mfululizo kuwa 1. Jumla 80,000. Hash Join huwapanga wateja hao kwenye kumbukumbu kwa namba zao, kisha husoma oda zote mara moja: 100,000, bila kuhesabu kazi ya prosesa. Nested Loop inashinda. Wateja wakiwa 20,000, gharama yake kwa hesabu hii rahisi inaruka hadi 800,000, ilhali ya Hash Join haisogei sana.

Merge Join huonekana kwa nadra zaidi. Hutaka pande zote mbili ziwe zimepangwa kwa mfuatano, ndipo izisome sambamba kama mtu anayelinganisha daftari mbili za majina. Faharasa ikishatoa mpangilio huo, au upande wa kuwekwa kwenye kumbukumbu ukiwa mkubwa mno, hapo hupata nafasi.

Balaa huanza makisio yakikosea. Ukiandika mkoa = 'Dar es Salaam' (tuseme 10% ya wateja) na wilaya = 'Kinondoni' (2%), kipangaji huzidisha na kupata 0.2%, yaani wateja 2,000. Hakijui kwamba Kinondoni yote iko Dar es Salaam, kwa hiyo wateja halisi ni 20,000. Kitachagua Nested Loop, nawe utasubiri. Endesha EXPLAIN ANALYZE ulinganishe rows ya makisio na rows halisi. Mimi huangalia hapo kabla hata ya kutazama muda. Pengo la mara kumi likitokana na safu zinazofuatana hivi, dawa ni hii:

```sql
CREATE STATISTICS mkoa_wilaya (dependencies)
  ON mkoa, wilaya FROM wateja;
ANALYZE wateja;
```

Sasa makisio yatakaribia 20,000 na Hash Join itarudi. Ila takwimu hizi husaidia masharti ya usawa, si ya kubwa kuliko au ndogo kuliko. Na mtu akikosea akaandika mkoa wa Arusha na wilaya ya Kinondoni, kipangaji kitaamini kuwa masharti hayo yanapatana, kijiandae kwa maelfu ya wateja wasiokuwepo.