Laptopu "imeingia maji" maana yake nini, na dakika za kwanza ufanye nini

Wengi wanajua maji ndo yanaua laptopu. Kumbe shida kubwa ni maji yakikutana na umeme. Maji ya bomba yana chumvichumvi, chai ndo usiseme, sasa umeme unavuka humo kutoka njia moja ya shaba kwenda nyingine na hapo unapata shoti, na hata shoti isipotokea ile shaba inaanza kuliwa haraka na kuota ukijani. Ukikata umeme mapema, madhara yanapungua sana.

Chukua mtu wa stesheneri Moshi mjini, anachapa barua ya mteja, kikombe cha chai ya maziwa kinamwagikia kibodi. Mkono unakimbilia kusevu. Asisevu! Azime soketi ukutani, achomoe chaja kwa mkono mkavu, ashikilie kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 mpaka skrini iwe nyeusi, achomoe na flashi. Halafu aigeuze, kibodi iangalie chini juu ya taulo, skrini ikiwa wazi ining'inie pembeni ya meza, chai irudi ilikotokea badala ya kushuka kwenye madabodi, ile bodi kuu ya umeme ndani ya laptopu. Asiitikise, itasambaa.

Hapa ndo wengi wanapokosea: kuzima siyo kukata umeme. Betri ikiwa ndani bado inapeleka umeme kidogo kwenye madabodi hata mashine ikiwa imezimwa. Za zamani unafyatua betri kwa chini inatoka, hizi mpya lazima ufungue skrubu uchomoe waya wa betri, na kama huwezi mpelekee fundi siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Na tafadhali usiiwashe "kujaribu tu".

Yakiwa maji matupu, betri ikishatoka iache ikauke siku mbili hivi, Arusha ile baridi ya Julai ongeza siku. Usiiweke juani wala karibu na jiko la mkaa, plastiki inajikunja. Mchele nao hauvuti maji yaliyojificha ndani, unaacha vumbi tu.

Chai haitoki kwa kukausha. Maji yanaondoka, sukari na maziwa vinabaki, laptopu inawaka vizuri unafurahi, baada ya wiki kadhaa kitufe kimoja kinanata au kinajiandika chenyewe. Kwa hiyo lazima ifunguliwe, madabodi isuguliwe kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ile ya asilimia 70 ina maji mengi, ukiitumia subiri ikauke muda mrefu zaidi.

Kibodi ya waya ya nje ni rahisi, chomoa, fungua skrubu, osha vitufe na ile raba kwa maji na sabuni, ila karatasi za plastiki zenye michoro ya umeme zipanguse tu kwa kitambaa chenye unyevu. Ukirudisha ukakuta kitufe kimoja kinagoma, mara nyingi ni uchafu umebaki. Vikigoma vingi kwa pamoja, mara nyingi mchoro umekatika, nunua nyingine. Kwenye laptopu nyingi fundi anaweza kubadilisha kibodi tu, madabodi ikiwa salama.