LC: benki inalipa makaratasi, sio mzigo

Swali: "Naagiza mzigo nje, muuzaji anataka hela kwanza, mi nataka mzigo kwanza. Kila mtu ananiambia fungua LC. Sasa kitu kimoja kinatulindaje wote wawili wakati kila mtu anavutia kwake?"

Kinawalinda kwa sababu hamlazimiki tena kuaminiana nyie wawili, katikati anakaa mtu wa tatu ambaye ni benki, na benki inatoa ahadi moja tu: muuzaji akileta karatasi hizi na hizi, zikiwa sawasawa, kabla ya tarehe fulani, nalipa. Basi. Kwa Kiswahili cha vitabuni utaona barua ya mkopo au barua ya dhamana, ila mtaani na benki yenyewe wote wanasema LC, kifupi cha letter of credit.

Tuchukue mfano ili tusielee. Unanunua pampu za maji 400, dola 150 kila moja, jumla dola 60,000. Mmeshaelewana bei, una proforma, ile invoisi ya awali, mkononi, unaenda benki kwako kujaza fomu ya kufungua LC. Hapa wengi wanashtuka maana benki itataka uweke hela yote au sehemu yake, au uwe na dhamana, na kamisheni juu. Sio uroho (sawa, kidogo ni uroho), ni kwamba kuanzia LC ikitoka deni la kwa muuzaji ni la benki sio lako, we ukifilisika kesho benki inalipa vilevile.

Benki yako inatuma ujumbe kwenye SWIFT, mtandao wa mabenki wa kutumiana ujumbe, ule wa aina ya MT700, kwenda benki iliyoko kwa muuzaji, nayo inamwita inamkabidhi. Ujumbe huo ndo LC yenyewe, hakuna barua nyingine. Ukipewa kopi soma sehemu ya 45A, ndo maelezo ya bidhaa, 46A ni orodha ya karatasi anazotakiwa kuleta, 44C siku ya mwisho ya kupakia melini, 31D siku LC inapokufa. Ukizielewa sehemu hizo nne umeelewa biashara nzima.

LC karibu zote zinafuata kanuni zinazoitwa UCP 600 za Chemba ya Kimataifa ya Biashara iliyoko Paris, toleo hili lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2007. Kwa kanuni hizo LC ikishatoka haifutwi wala haibadilishwi bila muuzaji mwenyewe kukubali. Kwa hiyo bei ya pampu ikishuka wiki ijayo huwezi kupiga simu benki kusema nimeghairi. Hiyo ndo kinga ya muuzaji, anaweza kuanza kutengeneza pampu 400 akijua hela ipo na inamsubiri yeye tu. Na kama haiamini benki yako, au anaogopa nchi yako itaishiwa dola, anaomba benki ya kwao iongeze ahadi yake juu ya ile ya kwako, wanaita kuikonfem LC. Kuna gharama, na mara nyingi mnabishana nani anailipa.

Kinga yako we mnunuzi imejificha kwenye karatasi moja hasa, hati ya shehena, ile kampuni ya meli inayoitoa ikishapokea mzigo. Hii sio risiti tu. Kule bandarini kwako kampuni ya meli haitoi kontena mpaka iletewe orijino ya hati hiyo, kwa kawaida zinatolewa orijino tatu na LC inataka zote tatu zipite benki, tena ziandikwe kwa amri ya benki yako, yaani hata ukiipata huchukui mzigo bila benki kusaini nyuma. Sasa angalia ilivyokaa: muuzaji hawezi kuipata hati bila kupakia, hawezi kulipwa bila kuitoa hati, na we huipati hati bila kumalizana na benki. Hakuna wakati ambapo mtu mmoja ameshika vyote viwili, hela na mzigo.

Muuzaji akishapakia anakusanya karatasi, yaani invoisi, orodha ya ufungashaji, hati ya shehena, bima kama ipo kwenye makubaliano, cheti cha nchi inakotoka bidhaa, anapeleka benki ndani ya siku 21 tangu siku ya kupakia (LC ikisema siku pungufu unafuata LC) na kabla LC haijafa. Benki ina siku tano za kazi kuzipitia. Na wanavyozipitia, ndugu yangu, ni kama mwalimu mkali anasahihisha imla.

Ila sio ukichaa kama watu wanavyosimulia. Chemba ina mwongozo wa mabenki wa namna ya kukagua karatasi, na mfano wao wa kosa dogo lisilozuia malipo ni neno machine likiandikwa mashine! Kwao ni kosa la herufi, kwetu ni neno kamili. Lakini mwongozo huohuo unasema ukiandika modeli 123 wakati LC inasema 321, hapo hulipwi, maana hiyo inaweza kuwa bidhaa nyingine kabisa.

Kosa linalouma kuliko yote ni tarehe. Kwenye pampu zetu 44C inasema mwisho wa kupakia 30 Juni, meli ikachelewa, hati ya shehena ikasoma 2 Julai. Pampu ni zilezile, nzima, 400, ila karatasi imekosea na benki ina haki ya kukataa. Inatakiwa iseme makosa yote mara moja ndani ya zile siku tano, haiwezi kukumbuka lingine wiki ijayo, na ikikaa kimya mpaka siku zipite imepoteza haki ya kukataa. Kwa kawaida benki inampigia mnunuzi kumuuliza, unalisamehe hili? Mnunuzi muungwana anasamehe. Mnunuzi aliyeona bei imeshuka anasema nasamehe ukinipunguzia dola 5,000, na muuzaji mzigo wake uko baharini tayari unaelekea kwa huyohuyo, atafanyaje. Ndo maana muuzaji mzoefu akiona meli inasogea anaomba LC irekebishwe tarehe KABLA ya kupakia, sio baada.

Sasa shimo lenyewe. Benki haifungui kontena. Haina mtu bandarini, haijui pampu ikoje, na kanuni zinasema waziwazi kwamba mabenki yanashughulika na karatasi, sio bidhaa. Kampuni ya meli nayo inapokea kontena limeshafungwa na kupigwa sili, kwa hiyo kwenye hati inaandika "kinachosemekana kuwa ndani ni" pampu 400, yaani imeambiwa hivyo na muuzaji, yenyewe haikuhesabu. Kwa hiyo mtu anaweza kupakia pampu mbovu, au matofali, akaleta karatasi safi kabisa na akalipwa, na we ukabaki kumfukuzia mahakamani kwao.

Dawa iko kwenye 46A. Unaongeza karatasi ambayo muuzaji hawezi kujiandikia, cheti cha ukaguzi kabla ya kupakia kutoka kampuni huru ya wakaguzi, na hapo ndo watu wanaharibu. Wanaandika tu "cheti cha ubora" wanaishia hapo. Kwa UCP 600, kama LC haikusema nani atoe karatasi na iseme nini, benki inaipokea kama ilivyo mradi inaonekana inafanya kazi ya karatasi ya aina hiyo. Maana yake muuzaji anakaa na kompyuta yake anaandika "pampu zote ni bora", anapiga muhuri wake, na ni cheti halali. We andika: cheti cha ukaguzi kilichotolewa na kusainiwa na kampuni fulani (itaje jina), kikionyesha pampu 400 modeli fulani zimehesabiwa na kuwashwa, na namba ya kontena na sili iliyofungwa mbele ya mkaguzi. Hiyo namba ya sili ni ndogo ila ina faida kubwa, inapokuwa ileile kwenye cheti na kwenye hati ya shehena unajua kontena halikufunguliwa likajazwa kingine baada ya mkaguzi kuondoka.

Ukigundua wizi wenyewe kabla benki haijalipa, kuna mlango mmoja mwembamba, mahakama. Mwaka 1941 huko New York kuna kesi ya mnunuzi aliyeagiza manyoya ya kutengenezea brashi kutoka India, akadai kwamba makreti 50 yamejazwa nywele za ng'ombe na takataka, na jaji akakubali kwamba madai ya wizi wa namna hiyo yakithibitika benki inaweza kuzuiwa isilipe. Ila ushahidi uwe wazi, bidhaa kuwa na ubora mdogo haitoshi, na benki nyingine ikiwa imeshalipa kwa nia njema umechelewa.

Na kuna wakati karatasi inamwokoa mnunuzi bila yeye kujua. Miaka ya 1920 kampuni moja Uingereza iliagiza vanila kutoka Batavia, ndo Jakarta ya leo, LC ikataka cheti cha ubora kutoka kwa wataalamu, wengi. Ikatumwa kwa telegramu ya maneno ya siri, na maneno yale hayakutofautisha mtaalamu mmoja na wengi, kwa hiyo benki ya Batavia ikaelewa mtaalamu mmoja. Muuzaji tapeli akapakia takataka kwa wingi, akampata mtaalamu mmoja wa kusaini, akalipwa. Benki iliyofungua LC ikamgeukia mnunuzi, turudishie hela yetu. Kesi ikapanda mpaka Baraza la Malodi na majaji wakasema hapana, mliambiwa wataalamu mkapokea cheti cha mmoja, na kwenye LC hakuna nafasi ya karatasi inayokaribia kufanana. Hasara yote ya vanila ile ikabaki kwa benki, kwa sababu ya saini moja iliyokosekana.