Hotspoti inazingua na simu inaisha chaji? Pima vipande viwili kwanza

Wiki iliyopita kaniita dada mmoja anakaa Kimara, anafanya kazi za kuandika manukuu ya mikutano kwa laptopu, anasikiliza rekodi anaandika anatuma. Ananiambia "kaka, hii simu sijui ina ugonjwa gani, nawasha hotspoti saa tatu asubuhi ikiwa mia, saa tano imebaki ishirini na kitu, na hata hiyo netiweki yenyewe inasuasua, faili la MB 60 linapanda dakika arobaini." Alishaenda kwa fundi akabadilishiwa betri, hela ikaenda, tatizo likabaki palepale. Alikuwa anataka nimshauri anunue simu gani mpya.

Nikamwambia dada ngoja kwanza, usinunue kitu. Mimi kazi yangu ni mitandao, nafunga waifai za maofisi na magesti, na malalamiko ya hotspoti ninayoletewa mengi yanafanana na hili lake, mtu anadhani spidi ndogo ni tatizo moja na chaji kuisha ni lingine, kumbe mara nyingi ni ugonjwa mmoja.

Iko hivi. Ukiwasha hotspoti simu yako inakuwa na redio mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Moja inaongea na laptopu kwa waifai, nyingine inaongea na mnara kwa 4G. Kwahiyo data yako inapita vipande viwili, laptopu mpaka simu, halafu simu mpaka mnara, na ikikwama inakwama kwenye kimojawapo. Watu wengi wanahangaika na kile cha kwanza kwa sababu ndicho wanachokiona, vile vimistari vya waifai kwenye laptopu vimejaa, basi wanashangaa mbona netiweki iko ful na haiendi. Vile vimistari vinakuambia tu kwamba laptopu na simu zinasikilizana. Kuhusu mnara havikuambii chochote.

Kupima ni dakika mbili. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, tafuta palipoandikwa Default Gateway, hiyo namba ndio simu yako. Kwa huyu dada ilikuwa 192.168.43.1, kwako inaweza kuwa nyingine, iPhone huwa ni 172.20.10.1. Ipigie ping hiyo, yaani laptopu inatuma ujumbe mdogo na kuhesabu milisekunde, ms, mpaka jibu lirudi, halafu piga ping nje, kwenye seva ya Google:

```
ping 192.168.43.1
ping 8.8.8.8
```

Ya kwanza inaenda mpaka kwenye simu inarudi. Ya pili inapita kwenye simu, inaenda mnarani mpaka nje huko. Kwa dada majibu ya kwanza yalikuwa 3ms, 4ms, 3ms, safi kabisa. Ya pili ikaja 412ms, 690ms, halafu `Request timed out`, halafu 530ms. Hapo hata huhitaji kuwa fundi, waifai haina kosa, tatizo liko kati ya simu na mnara.

Sasa simu alikuwa ameiweka wapi? Kitandani, chumba cha ndani, pembeni ya laptopu, nyumba ya tofali na juu bati. Bati linarudisha mawimbi, ukuta unayala, kinachofika chumbani ni makombo. Nikaingia kwenye simu yake Settings, About phone, SIM status, pale kuna Signal strength, ikasoma -114 dBm. Hizi namba ni hasi kwahiyo zinasomwa kinyume, ikikaribia sifuri ndio nzuri. Kwenye 4G mimi nikiona -80 au -90 natulia, nikiona -110 na kushuka najua hapa kuna mateso. Tukaenda sebuleni dirishani, simu ileile laini ileile, -97. Utasema tofauti ya 17 ni nini, lakini dBm haihesabiwi kama shilingi, kila ukipanda 10 nguvu inazidi mara kumi, kwahiyo hiyo 17 ni kama mara 50. Mara hamsini, kwa kutembea hatua tisa.

Na hapa ndipo chaji inapoingia. Simu haipokei tu, inatuma pia, na mnara ndio unaoiamrisha ipaze sauti kiasi gani. Ukiwa karibu au mahali pa wazi mnara unakusikia vizuri, simu inanong'ona. Ukiwa chumba cha ndani mnara haukusikii, unaiambia simu ongeza, ongeza, mpaka inafika mwisho wake ambao kwa simu nyingi za 4G ni 23 dBm, yaani wati 0.2 zinazotoka kwenye antena. Utaona ndogo, ila kutoa hiyo 0.2 betri inatoa mara kadhaa zaidi, kinachobaki kinakuwa joto tu. Ndio maana simu inachemka.

Halafu kuna la pili ambalo watu hawaliwazi. Mawimbi yakiwa mabaya simu na mnara zinakubaliana kuongea polepole ili zisikosane maneno, kama unavyomtajia mtu namba ya simu kwenye kelele za stendi, unataja tarakimu moja moja na nyingine unarudia. Faili lile la MB 60 ambalo lingepanda dakika mbili sasa linapanda dakika arobaini, na dakika zote arobaini redio iko juu inapiga kelele. Kwahiyo unalipa mara mbili, kila dakika inakula chaji zaidi na dakika zenyewe ni nyingi zaidi. Betri mpya itasaidia nini hapo.

Na upande wa waifai nao haulali. Simu ikiwa inatumia waifai ya mtu inaweza kusinzia katikati, lakini ikiwa yenyewe ndio inagawa lazima iwe macho, inajitangaza karibu mara kumi kila sekunde hata kama hakuna anayetumia. Hiyo inakula kidogo kidogo, sio ndio inayomaliza simu kwa saa mbili, lakini ndio maana ukisahau hotspoti imewashwa usiku unaamka huna chaji. Simu nyingi za Android zina sehemu ya kuizima yenyewe ikikosa mtu, imeandikwa Turn off hotspot automatically, iwashe.

Basi tukahamishia simu dirishani, ping ya nje ikashuka ikawa 60 mpaka 80ms, faili la majaribio likapanda chini ya dakika tatu, nikaaga nikaondoka nikijiona bingwa. Saa tisa mchana ananipigia, "kaka imerudi kulekule, na simu imeandika imepata joto." Nilipumbaa kidogo hapo maana sikuuliza dirisha linaangalia wapi. Linaangalia magharibi! Jua la mchana la Dar lote linaingia pale, na simu ikiwa inagawa netiweki, inachajiwa, na imepigwa na jua, inajilinda, inapunguza spidi ya prosesa na inapunguza au kusimamisha kuchaji. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye joto la hewa lisilozidi nyuzi 35, sasa kioo cha dirisha juani sijui ni ngapi hapo. Tukaishusha ukutani chini ya dirisha, kivulini, tukavua na kava. Ikasoma -99, tumepoteza kidogo ila joto limeisha.

Nikamshauri pia waya wa USB badala ya waifai. Unachomeka simu kwenye laptopu, unaingia kwenye hotspoti unawasha USB tethering, unazima waifai ya simu. Redio moja imepumzika na simu inapata chaji ya laptopu humohumo. Usitegemee maajabu, tundu la kawaida la zamani linatoa kama wati 2.5, simu ikiwa kwenye mawimbi mabaya inaweza kula zaidi ya hapo, kwahiyo asilimia bado zinashuka ila taratibu. Na umeme ukikatika inayoliwa sasa ni betri ya laptopu, hilo nalo lijue.

Alipochomeka ile sehemu ya USB tethering ikagoma, iko kijivu haibonyezeki. Akadhani simu mbovu tena. Waya ndio ulikuwa wa shilingi elfu mbili wa kuchajia tu, ndani una nyuzi mbili za umeme, za data hawakuweka. Ukitaka kujua bila kupasua waya, chomeka uone kama simu inauliza kuhamisha mafaili, isipouliza kitu inachaji tu basi jaribu waya mwingine. Na uwe mrefu, mita mbili hivi, la sivyo utairudisha simu mezani pembeni ya laptopu na -114 yako.

Kesi ya kinyume ipo, nyingi naziona hosteli na kwenye maghorofa. Hapo ping ya simu yenyewe ndio inaruka, 4ms, 180ms, 95ms, wakati simu iko nusu mita. Hiyo ni msongamano wa 2.4 GHz, kila chumba kina rauta na hotspoti, na chaneli zisizogombana pale ni tatu tu, 1, 6 na 11. Halafu spika na hedifoni za bluetuthi nazo zinaishi humohumo. Dawa ni kuhamia 5 GHz, kwenye Android tafuta AP Band ndani ya hotspoti, kwenye iPhone kuanzia 12 zima Maximize Compatibility. Inafika karibu tu, ukuta mmoja inachoka, lakini kama simu na laptopu ziko chumba kimoja unataka nini tena.

Kabla sijaondoka mara ya pili nikaingia kwenye Windows yake, pale kwenye ile hotspoti nikawasha Metered connection, maana laptopu ikiona waifai inajua iko kwenye ofisi ya mtu, inashusha apudeti na kupandisha picha kwenye wingu bila kuuliza, bando linaondoka na redio inafanya kazi ya watu wawili.

Sasa hivi anawasha saa tatu, mpaka saa nane mchana simu iko hamsini na kitu. Kimebaki kimoja ambacho sikuweza, kuanzia kama saa mbili usiku spidi inaanguka ingawa dBm ni ileile -99, na ukizima hotspoti ukapima kwenye simu yenyewe ni hivyohivyo. Huo ni mnara umejaa, mtaa mzima umerudi nyumbani uko kwenye video, hapo simu haina la kufanya. Yeye kahamishia kutuma mafaili saa kumi na moja alfajiri, anaweka yapande akiwa anachemsha chai.