Barua ya udhuru haisomwi kwa mwandiko

Bado sisi walimu tunaambiana ofisini: mwandiko ni wa mtoto, basi barua ni ya kughushi, basi ni utoro, basi viboko. Nimechoka kulisikia hilo. Mzazi asiyejua kuandika humwambia mtoto aandike, na bibi anayelea wajukuu hufanya vivyo hivyo. Mwandiko unakuonyesha aliyeshika kalamu tu. Sababu ya kutokuja itafute kwenye daftari la mahudhurio.

Chukua barua ya msichana wa darasa la sita, karatasi imechanwa kwenye daftari la hisabati: “Mwalimu, mwanangu alikuwa anaumwa tumbo. Ni mimi mzazi.” Mwandiko ni wake kabisa, hata ile “g” isiyo na mkia. Usimsimamishe mbele ya wenzake. Rudi nyuma miezi mitatu: alikosa tarehe 16 na 17 Julai, 14 na 15 Agosti, 12 na 13 Septemba. Ingekuwa gulio la kila wiki, siku ingekuwa ileile. Hapa alianza kukosa Jumanne, kisha Jumatano, kisha Alhamisi, na kila mara zimepita siku 29, kama mzunguko wa hedhi. Huenda tumbo lilimuuma kweli, lakini angeweza kuja kama angekuwa na pedi na choo chenye maji na mlango unaofungwa. Mpeleke kwa mwalimu wa kike wa malezi, azungumze naye faragha, na pedi ziwekwe mahali atakapozichukua bila kuomba kwa mwalimu wa kiume.

Kuhusu viboko nisikawie. Kwa kanuni za 2002 hapa Tanzania, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, havizidi 4, na huandikwa kitabuni. Kumchapa mtoto mlangoni kwa sababu ya barua ni kuvunja kanuni.

Daftari nalo lina mipaka. Kwa mabinti wa umri huo mzunguko haujatulia, unaweza kuwa siku 21 au hata 45, kwa hiyo wengi hutaona mpangilio wowote. Ukikosa mpangilio usiseme anadanganya.

Barua ninayoitilia shaka zaidi ni ile safi, yenye saini halisi ya baba: “Alikuwa msibani.” Ukiona misiba mitatu ndani ya muhula mmoja, yote siku ya mnada, mtoto alikuwa akichunga au akiuza. Hapo aitwe baba, mtoto arudi darasani. Anayekosa siku za majaribio tu, nampa jaribio lake mchana wa siku anayorudi, na adhabu ya kufagia juu yake.

Wanafunzi wakishajua kwamba “tumbo” halihojiwi hadharani, wasiostahili nao wataliandika. Sijapata namna ya kulizuia hilo bila kuwaumiza wale wanaoumwa kweli, kwa hiyo naipokea barua, kisha nafungua daftari.