Msikimbilie Almasi: Namna ya Kusoma Mchoro wa Msitu katika Kazi ya Mapitio ya Maandiko

Kufuatia malalamiko ya alama yaliyoletwa muhula huu na wanafunzi wa afya wa hapa Malindi na wenzao wa Lamu, kitengo chetu cha utafiti kimeona ni vyema kueleza namna kazi ya mapitio ya maandiko inavyosahihishwa pale mwanafunzi anapotumia uchambuzi wa meta, yaani kuunganisha matokeo ya tafiti nyingi kuwa jibu moja. Mengi ya malalamiko hayo yanahusu mchoro wa msitu, unaoonyesha kila utafiti kwenye safu yake, na mengi, tuseme wazi, hayana msingi. Mwanafunzi hunakili namba ya almasi iliyo chini ya mchoro, yaani wastani wa tafiti zote, huongeza kwamba tofauti baina ya tafiti ilikuwa kubwa, kisha hushangaa kupata nusu ya alama.

Tuchukue majaribio 13 ya chanjo ya BCG dhidi ya kifua kikuu, ambayo data zake zinapatikana katika kifurushi cha `metadat` cha programu ya R kwa jina `dat.bcg`. Kwa modeli ya athari nasibu, almasi inakaa kwenye uwiano wa hatari wa 0.49, na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95 yanaanzia 0.34 hadi 0.70. Kwa kuwa hayagusi mstari wa 1, ambapo waliochanjwa na wasiochanjwa wana hatari sawa, wengi huandika kwamba chanjo hupunguza hatari kwa nusu, wakafunga daftari. Lakini I², yaani sehemu ya mtawanyiko wa matokeo isiyotokana na bahati, ni asilimia 92, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Rudini kwenye safu moja moja. Jaribio la Uingereza lina uwiano wa 0.24, na masafa yake ni finyu, kutoka 0.18 hadi 0.31. Jaribio la Madras, kusini mwa Uhindi, lina uwiano wa 1.01, kutoka 0.89 hadi 1.14, yaani hakuna kinga iliyoonekana. Masafa ya majaribio haya mawili hayakutani popote, na yote mawili yalikuwa makubwa, kwa hiyo bahati ya sampuli haiwezi kueleza tofauti hiyo. Wastani wa 0.49 hauelezi Uingereza wala Madras.

Wapo wanaodhani kwamba ukishachagua athari nasibu umeshatibu tofauti hizo. Modeli hiyo haitibu kitu. Inakiri tu kwamba athari halisi zinatofautiana, na kugawa uzito upya. Kwa modeli ya athari moja, inayochukulia kwamba athari halisi ni ileile kila mahali, Madras pekee hubeba takribani asilimia 41 ya uzito na almasi husogea hadi 0.65, ilhali kwa athari nasibu uzito wake hushuka hadi takribani asilimia 10. Aidha, I² ni sehemu tu ya mtawanyiko, si kipimo cha ukubwa wake: tafiti kubwa zenye masafa finyu zinaweza kutoa I² ya juu hata pale tofauti zake ni ndogo kimatibabu. Ukubwa wenyewe huonekana kwenye masafa ya utabiri, ambayo hapa ni kuanzia takribani 0.15 hadi 1.55. Maana yake, jaribio jipya mahali pengine linaweza kuonyesha kinga kubwa au lisionyeshe yoyote.

Basi tofauti imetoka wapi? Ukipanga safu kwa latitudo, kinga kwa ujumla huongezeka kadiri unavyoondoka ikweta, na latitudo hueleza takribani robo tatu ya tofauti baina ya majaribio. Inadhaniwa kwamba bakteria wa mazingira katika nchi za joto huathiri kinga ya mwili kabla ya chanjo. Hata hivyo, jaribio moja la nyuzi 19 lilipata uwiano wa 0.20, kinyume na mwelekeo huo, na majaribio 13 ni machache mno kuthibitisha chanzo. Mwenye kuandika kwamba latitudo ndiyo sababu atapoteza alama sawa na asiyeitaja kabisa.

Malindi iko takribani nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na jaribio lililo karibu zaidi na ikweta katika orodha hiyo liko nyuzi 13. Kuvuta mstari hadi kwetu ni kukisia nje ya data. Tunasisitiza pia kwamba majaribio haya hayatoi ruhusa kwa yeyote kumwambia mzazi asimpeleke mtoto kuchanjwa: BCG hutolewa kwa watoto wachanga hasa kwa ajili ya aina kali za kifua kikuu, kama vile homa ya uti wa mgongo, na hilo ni swali tofauti na lililopimwa na almasi hii.

Kuhusu utaratibu, rufaa ya alama hupokelewa kwa fomu pekee, si kwa simu wala kwa kumsubiri mhadhiri mlangoni. Fomu iambatishwe nakala ya mchoro wenyewe, ikionyesha modeli iliyotumika, I², masafa ya utabiri pale yalipotolewa, na aya ambamo mwanafunzi ametaja angalau safu mbili zinazopingana na kueleza kwa nini. Fomu isiyo na aya hiyo itarudishwa bila kusomwa, na kazi iliyonakili maelezo ya mchoro kutoka kwa mwenzake itapelekwa kwenye kamati ya nidhamu hata kama namba zake zote ni sahihi.