Ukweli wa Hisia: Namna Habari ya Ziwani Inavyogeuzwa Kuwa Hadithi

Ukweli wa hisia ni kile kinachobaki katika tukio baada ya majina, tarehe, idadi na mahali kuondolewa, nacho ndicho kinachomfanya msomaji aliyekuwapo siku ile aseme kwamba ndivyo ilivyokuwa, ingawa anajua wazi kuwa watu anaosoma habari zao hawajawahi kuishi. Mwandishi anayechukua habari ya kweli na kuifanya hadithi huwa na kazi ya kubadili mengi bila kukigusa kitu hicho kimoja. Ugumu wake ni kwamba kitu hicho hakielei hewani. Hushikiliwa na maelezo machache ya kawaida kabisa, na akiyabadili hayo bila kujua, hadithi humponyoka mikononi.

Nitaeleza kwa kutumia tukio moja ambalo sisi tuishio kando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kukumbushwa. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora, katika kisiwa kikuu cha Ukerewe, kuelekea Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio, na watu walikuwa wakirudi nyumbani na mizigo yao. Kivuko kiliruhusiwa kuchukua abiria 101, lakini kwa hesabu ya serikali watu 228 walifariki na 41 waliokolewa. Kilipinduka kikiwa kimekaribia gati, umbali wa makumi machache tu ya mita.

Mwandishi anayetaka kuandika hadithi kutokana na habari hii aanze kwa kuandika sentensi mbili kwenye karatasi. Ya kwanza iseme kilichotokea, na hiyo ni rahisi. Ya pili iseme kinachouma, na hapo wengi hukimbilia kuandika kwamba watu wengi walikufa. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu watu wengi hufa katika ajali za kila namna na uchungu wake haufanani. Kinachouma katika ajali hii, kwa jinsi ninavyoielewa, ni kwamba safari ilikuwa imekwisha. Abiria walikuwa wameona nyumbani, na waliokuwa wakiwasubiri nchi kavu walikuwa wamewaona wao. Kwa maelezo yaliyotolewa wakati ule, kule kukaribia kwenyewe kulichangia maafa, maana watu walianza kusogea upande mmoja wajitayarishe kushuka.

Mwandishi akishaipata sentensi hiyo ya pili, anaweza kupima kila jambo la habari kwa swali moja: nikilibadili hili, uchungu utabaki wa aina ileile? Jina la kivuko likibadilika, uchungu haubadiliki. Ukara ikiwa kisiwa cha kubuni, haubadiliki. Abiria wakiwa hamsini badala ya mia mbili na zaidi, haubadiliki, na pengine unaongezeka, kwa sababu msomaji anaweza kuwashika hamsini moyoni. Lakini umbali ukibadilika, kivuko kikazama katikati ya maji saa nane ya usiku, hadithi inakuwa nyingine kabisa. Inakuwa hadithi ya watu waliopotea mbali na macho ya wenzao, na ya jamaa waliopata taarifa asubuhi. Hiyo ni huzuni ya kweli pia, ila si huzuni ya Bwisya.

Nimewahi kusoma mswada wa kijana mmoja aliyejaribu jambo hili kwa nia njema. Ili asiwaumize wafiwa, alikibadili kivuko kuwa mtumbwi wa wavuvi wa dagaa. Sasa, dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, wakati mwezi haupo. Kwa hiyo tukio lake lilihamia usiku, mwalo ukawa mtupu, na hakuna mama wala mtoto aliyesimama nchi kavu akitazama. Tena mtumbwi wake ulizamishwa na dhoruba, na hapo akapoteza jambo la pili. Kivuko kilichobeba watu mara mbili ya kiwango chake na zaidi humwachia mfiwa swali la nani aliyeruhusu, swali linaloamka naye kila asubuhi. Dhoruba humwachia ziwa na Mungu. Kijana yule alidhani amebadili chombo tu, kumbe alikuwa amebadili saa, mashahidi na chanzo, na akashangaa kwa nini hadithi haimgusi mtu.

Basi ibadilishwe vipi? Tuseme mwandishi anairudisha hadithi nyuma hadi miaka ya 1970, katika kisiwa cha kubuni, msimu wa kununua pamba. Siku ya malipo ya chama cha msingi cha ushirika inachukua nafasi ya gulio. Badiliko hili ni zuri kwa sababu siku ya malipo hufanya kazi ileile ya gulio: inaeleza kwa nini watu ni wengi kuliko kawaida, kwa nini wana mizigo mizito ya mabati na magunia, na kwa nini hakuna anayekubali kusubiri safari ya kesho. Mwandishi angechagua harusi, watu wangekuwa wengi vilevile, lakini furaha ya harusi ingeupiga moyo wa msomaji kwa nguvu isiyokuwa na haki, kama vile kifo peke yake hakitoshi. Siku ya kawaida ya kununua na kuuza ndiyo iliyokuwa kweli, na ukawaida huo usiguswe.

Lakini kila badiliko huvuta jingine nyuma yake. Miaka ya 1970 hakukuwa na simu za mkononi. Kama mwandishi alikuwa amebuni binti anayempigia baba yake kutoka kivukoni, “Baba, shikamoo, tumekwisha kuuona mwalo, njoo na baiskeli,” maneno hayo sasa hayana pa kukaa. Asiyafute tu. Ajiulize yalikuwa yakifanya kazi gani, na jibu ni kwamba yalikuwa yakiunganisha chombo na nchi kavu, yakimfanya anayesubiri aanze kupokea kabla mgeni hajafika. Katika miaka ile kazi hiyo ilifanywa na honi. Kwa hiyo aya yake inaweza kusomeka hivi:

“Honi ilipolia mara ya pili, mzee aliiegemeza baiskeli kwenye mwembe, akaanza kuufungua mpira wa kufungia mzigo. Mpira ulikuwa umeshikana kwa jua, akalitafuna fundo kwa meno. Alipoinua uso, kivuko kilikuwa pale pale, karibu kiasi cha kuhesabu vitambaa vya kichwa. Akainama tena kwenye fundo. Fundo lilipofunguka, watu waliokuwa karibu naye walikuwa wameacha kuzungumza.”

Hakuna katika aya hiyo jambo hata moja lililoripotiwa mwaka 2018. Kilichohifadhiwa ni umbali unaoruhusu macho kutambua vichwa, na mikono iliyokwisha kuanza kazi ya kupokea. Kupinduka kwenyewe hakukuonyeshwa, na naona ni sawa, kwa kuwa wengi waliokuwa mwaloni siku kama hiyo hukumbuka zaidi walichokuwa wakikifanya kuliko walichokiona.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote ni watu. Ukara ni kisiwa kidogo ambamo mtu hujulikana kwa ukoo, kwa kazi na hata kwa shati alilovaa siku ya mwisho, na kubadili jina pekee hakumfichi yeyote. Chukua mfano wa fundi wa kivuko aliyeokolewa akiwa hai siku mbili baada ya ajali, akiwa amesalia ndani ya chombo kilichopinduka. Ni jambo linalomvutia kila mwandishi, lakini ni la mtu mmoja tu duniani. Hata ukimwita jina jingine na kumfanya mpishi, msomaji atamtambua kwa zile siku mbili. Tena, akiingizwa, hadithi huhama kutoka mwaloni na kuingia ndani ya chombo, na msomaji huanza kungoja muujiza badala ya kukaa na wanaosubiri. Kwa hadithi hii yetu angeachwa nje, kwa heshima yake na kwa manufaa ya hadithi.

Mhusika anayejengwa kutokana na mtu halisi hubadilishwa kwa mambo kadhaa kwa pamoja: umri, kazi, undugu wake na aliyepotea, na sababu iliyompeleka safarini. Kinachohifadhiwa ni mahali aliposimama kuhusiana na tukio. Baba aliyemsubiri binti anaweza kuwa shangazi aliyemsubiri mpwa, mradi tu awe ndiye aliyemtuma. Maana aliyemtuma mwenziwe sokoni hubeba mzigo ambao aliyesubiri tu haubebi.

Kosa jingine ninaloliona sana huku kwetu ni kuchanganya misiba miwili. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kuja Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. Ilipokuwa imepinduka, waliokuja kuokoa walisikia watu wakigonga kutoka ndani, na bodi lilipotobolewa hewa ikatoka na meli ikaenda chini. Uchungu wa MV Bukoba umo katika mkono uliotaka kuokoa na haukuweza. Ule wa Ukara umo katika safari iliyokwisha kufika. Mwandishi anayechukua sauti ile ya kugonga na kuitia katika hadithi ya mwaloni anadhani anaongeza nguvu, lakini msomaji hajui tena asimame wapi, kwa mzee mwenye baiskeli au kwa mwokoaji mwenye chombo cha kukatia, na kila uchungu unaupunguzia mwenzake.

Kuna mpaka ambao uhuru huu wote hauuvuki. Mwandishi akilitaja jina MV Nyerere ndani ya hadithi yake, basi tarehe, njia, idadi na mwenendo wa ajali lazima viwe kama vilivyokuwa, na tangazo la mwanzoni kwamba wahusika ni wa kubuni halimruhusu kumtwika nahodha wa kweli kosa ambalo hakulifanya. Akitaka kubadili, aliache jina.

Na mswada ukishakamilika, apewe kuusoma mtu mmoja anayekifahamu kisiwa, aliye tayari na aliyeambiwa mapema hadithi inahusu nini. Akisema, “Huyu ni fulani,” na kumtaja jirani, mabadiliko hayajatosha. Akitulia kwenye lile fundo la mpira wa baiskeli na kuuliza nani aliyemsimulia mwandishi jambo hilo, ilhali hakuna aliyemsimulia, mwandishi aiache aya hiyo kama ilivyo.