Makhawariji walitokea wapi, na kwa nini Maibadhi wamebaki mpaka leo

Watu wengi wanatuuliza kama Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu yaliyoshika Oman, na Khawariji, kundi la kale lililojitenga na Seyyidina Ali, ni kitu kimoja, na jibu fupi haliwezekani mpaka turudi Siffin, kando ya mto Furati, mwaka 657. Khalifa Uthman alikuwa ameshauawa Madina mwaka mmoja kabla, Seyyidina Ali kashika ukhalifa, na Muawiya gavana wa Sham, ndugu wa ukoo wa Uthman, amekataa kumpa baia, yaani kiapo cha utii, mpaka kisasi kilipwe. Vita vikawa vikali, alafu watu wa Sham wakainua misahafu kwenye ncha za mikuki wakitaka kitabu cha Mungu kiamue. Wengi kwenye jeshi la Ali wakashinikiza akubali, akakubali, kila upande ukatoa mwamuzi wake, Abu Musa al-Ash'ari kwa Ali na Amr bin al-As kwa Muawiya.

Mkataba uliposomwa mbele ya vikosi ndio balaa likaanza. Inasimuliwa kuwa Urwa bin Udayya wa kabila la Tamim alipiga kelele, mnawaweka binadamu wahukumu katika dini ya Mungu? Hapo ikatoka ile kauli, hakuna hukumu ila ya Mungu, na Ali akajibu kwamba ni neno la haki linalotakiwa kwalo batili. Hao jamaa, ndio walioitwa Makhawariji, wakajitenga wakaenda Harura karibu na Kufa huko Iraq, wengine Ali akawarudisha kwa mazungumzo, waliobaki wakamchagua Abdallah bin Wahb ar-Rasibi awe kiongozi wao, na angalieni hapa, hakuwa Mkureshi, mtu wa kabila la Mtume! Kwao uongozi ni wa mchamungu yeyote, hata awe mtumwa, na jambo hili Maibadhi wamelishikilia mpaka leo.

Lakini ndani ya kundi kulikuwa na ugonjwa. Masimulizi ya kale yanasema mmoja wao aliokota tende iliyoanguka chini, wenzake wakamkemea aiteme kwa sababu hajailipia, alafu watu haohao wakamchinja Abdallah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, pamoja na mwanamke wake mjamzito, kisa hakukubali kumlaani Ali. Mwaka 658 Ali akawapiga Nahrawan wakaisha karibu wote, na mwaka 661 mmoja wao, Ibn Muljam, akamuua Ali Kufa.

Sasa swali lenyewe lililogawa watu ni hili, Muislamu aliyetenda dhambi kubwa au asiyekubaliana na sisi, ni nani? Swali hili lililipuka Basra mwaka 683 hadi 684. Nafi bin al-Azraq, mmoja wa viongozi wao, alisema huyo ni mshirikina, kwa hiyo damu yake halali, mali yake halali, na hata aliye upande wetu akibaki nyumbani asitoke kupigana, huyo pia ni kafiri. Abdallah bin Ibadh, ambaye Maibadhi wanaitwa kwa jina lake, akakataa. Yeye na wenzake walisema huyo amekufuru neema ya Mungu, sio kwamba ametoka kwenye Uislamu, manake tunaweza kutomfanya rafiki wa kidini lakini tunaoana naye, tunarithiana naye, hatumuui. Kwa macho yangu hii ndio tofauti kubwa kuliko zote, na ndio sababu wanazuoni wa Kiibadhi hawakubali kabisa kuitwa Makhawariji, jina hilo wanaliona ni la Nafi na wafuasi wake.

Wafuasi wa Nafi walipigana na kila mtu, na mwisho wa karne hiyohiyo ya saba walikuwa wameshamalizwa. Huwezi kujenga mji ukiwa jirani zako wote halali kuuawa.

Maibadhi walikaa kimya Basra wakisoma. Mwalimu wao mkubwa alikuwa Jabir bin Zayd, mtu wa Oman, mwanafunzi wa Ibn Abbas, na baada yake Abu Ubayda Muslim, ambaye inasimuliwa alikuwa akifundisha chini ya ardhi huku watu wakisuka vikapu mlangoni, akitokea mgeni wanatikisa mnyororo na darasa linanyamaza. Wanafunzi wake wakatumwa mbali, Oman wakasimamisha imamu wa kwanza, al-Julanda bin Mas'ud, mwaka 750, na Tahert huko Algeria ya leo maimamu wa Rustamid wakatawala mpaka 909. Mpaka sasa wapo Oman, bonde la Mzab Algeria, kisiwa cha Jerba Tunisia na milima ya Nafusa Libya.

Na Zanzibar wapo vilevile, walikuja na Waomani. Masultani wa ukoo wa Busaidi walikuwa Ibadhi wakitawala raia ambao wengi ni Sunni wa Kishafii, na hawakuwalazimisha wabadilike, wakaweka kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni, kila mtu anapeleka kesi yake ya ndoa au mirathi kwa wa madhehebu yake, na familia za pande mbili zikaoana.